Kiingereza Kilichonyooka, Maana Iliyopinda: Barua Pepe za Kazini na Kivuli cha Kiswahili

*Mada kwa ajili ya semina ya makatibu wa vikundi na asasi, Kata ya Kasokola, Manispaa ya Mpanda*



1. Utangulizi

Shughuli zetu nyingi hapa Kasokola tunazimaliza kwa Kiswahili, na ofisi ya kata haituandikii kwa lugha nyingine. Kiingereza kinatufikia kwa mlango wa wafadhili, wanunuzi wa mazao na mashirika ya kimataifa. Mashirika hayo si wageni katika mkoa huu. Yapo tangu makazi ya wakimbizi ya Katumba yalipofunguliwa mwaka 1972. Katibu wa kikundi ndiye anayeandika, na anayesoma yuko mbali, pengine hajui neno hata moja la Kiswahili.

Sitazungumzia makosa ya sarufi. Ukiandika "he go", msomaji anaona umekosea, anakisia ulichokusudia, mambo yanaendelea. Shida kubwa iko kwenye sentensi isiyo na kosa lolote la kuonekana. Msomaji anaielewa vizuri kabisa, ila anaelewa kitu kingine, na hana sababu ya kukuuliza.

2. Barua ya mfano

Nimetunga barua hii kwa kukusanya mambo yanayojitokeza mara kwa mara:

```
Dear Madam,
Sorry for the work. Still we have not received the funds.
The meeting will start at 3 o'clock on Thursday.
We request facilitation for 12 committee members.
We will send the report until Friday.
We are together.
```

Kwetu sisi barua hii haina ubaya. Ina salamu, ina adabu, na imeeleza yote. Sasa tuisome kwa macho ya mama aliyeko makao makuu ya mfadhili, Ulaya.

3. "Bado" na "still"

Kwa Kiswahili, "bado hatujapokea fedha" ni taarifa tu. Fedha hazijafika, tunazitarajia, hatumlaumu mtu. Katibu amechukua "bado" akaweka "still". Lakini "still" ikikaa kwenye sentensi ya kukanusha inabeba lawama: muda umepita, mlipaswa kuwa mmeshatuma, tumechoka kungoja. Mama yule anasoma mstari wa kwanza na tayari anahisi amegombezwa.

Neno la upole ni "yet", na mahali pake ni mwishoni: "We have not received the funds yet." Ile "-ja-" ya "hatujapokea" ndiyo inayolingana na "yet"; "bado" tunaiongeza kwa mazoea. Vivyo hivyo, mtu akikuuliza kama umetuma fomu, jibu letu la "Bado" ni "Not yet", wala si "Still".

Na ile "Sorry for the work"? Ni "pole na kazi" yetu. "Pole" haihitaji mkosaji, lakini "sorry" ya Kiingereza ikifuatwa na "for" mara nyingi ni ya anayekiri kosa. Msomaji atajiuliza ni kazi gani mmeiharibu. "I hope you are well" inatosha kwa salamu.

4. Saa na siku ya mwisho

Kikao ni saa tatu asubuhi. Katibu ameandika "3 o'clock", na mama yule atajiunga kwa simu saa tisa alasiri, wakati wajumbe wameshatawanyika. Wengi wetu tunajua kuongeza au kupunguza sita tukiwa tumetulia, ila tukiandika kwa haraka tunasahau. Dawa ni kuacha "o'clock" kabisa na kuandika "9:00 a.m.", kisha kutaja kuwa ni saa za Afrika Mashariki endapo msomaji yuko nchi nyingine.

Hila ya pili iko kwenye "until". Tunasema "hadi Ijumaa tutakuwa tumetuma", kwa hiyo "hadi" inageuka "until". Kiingereza kinatofautisha mambo mawili hapa. Tendo linaloendelea mfululizo mpaka siku fulani, kama kusubiri au kukaa, linachukua "until". Tendo linalotimia mara moja kabla siku hiyo haijapita, kama kutuma au kulipa, linachukua "by". Kipimo chepesi ni hiki: ukiweza kuweka "ifikapo" mahali pa "hadi", andika "by". "Tutatuma ripoti ifikapo Ijumaa" inakubalika, basi ni "by Friday". "Tutasubiri ifikapo Ijumaa" haikubaliki, basi ni "until Friday".

5. "Kuwezeshwa" na "facilitation"

Hapa ndipo penye hatari zaidi, kwa sababu panagusa fedha. Tunaposema "tunaomba wajumbe wawezeshwe", kila aliyehudhuria kikao anaelewa: nauli, pengine na posho. Tafsiri ya "uwezeshaji" kuwa "facilitation" inatumika sana Afrika Mashariki, na ofisi ya Dodoma au Kampala itakuelewa.

Mkaguzi wa hesabu wa Ulaya ataelewa vingine. Kwake "facilitation" ni kazi ya kuongoza majadiliano. Tena likiambatana na malipo, neno hilo linamkumbusha "facilitation payment", yaani kitu kidogo anachopewa mtumishi ili aharakishe jambo ambalo ni wajibu wake. Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011, haikuweka msamaha kwa malipo ya namna hiyo, hata yakifanyika nje ya Uingereza. Kwa hiyo ombi la nauli linaweza kurudishwa na maswali, au kulala mezani wiki nzima.

Msitafute neno zuri zaidi la kuziba nafasi ya "facilitation". Tajeni kitu chenyewe: ni nauli au posho, ya watu wangapi, shilingi ngapi kwa mtu, jumla ngapi.

6. Barua ileile, imerekebishwa

```
Dear Madam,
I hope you are well. We have not received the funds yet.
The meeting will start at 9:00 a.m. East Africa Time on Thursday.
Please approve TZS 20,000 per person for return bus fare
for 12 committee members, TZS 240,000 in total.
We will send the report by Friday.
Kind regards,
```

7. Yasiyohitaji kurekebishwa

"We are together" nimeiondoa kwa kuwa msomaji ni mgeni. Haina madhara, kwani hakuna atakayekosa kikao wala kunyima fedha kwa sababu yake. Ukimwandikia mwenzako wa Nairobi, iache. Atasikia "tuko pamoja" na atafurahi. "I have ever worked in Mpanda", inayotokana na "nimewahi", nayo inasikika ngeni kwa Mwingereza, lakini maana yake inafika. Isahihishe kwenye barua ya kuomba kazi, maana pale unapimwa lugha. Kwingine, muda wako utumie kukagua saa, tarehe, fedha na lawama.

8. Kazi ya vikundi

Kila kikundi kichukue barua pepe moja iliyokwishatumwa, kifute majina, kisha kijibu:

(a) Msomaji asiyejua Kiswahili angefika kikaoni saa ngapi kwa mujibu wa barua hii?
(b) Kila "until" ipimwe kwa "ifikapo". Ngapi zinageuka kuwa "by"?
(c) Je, fedha imetajwa kwa jina lake na kiasi chake, au imefichwa ndani ya neno la heshima?
(d) Kila "still" na "sorry": nani analaumiwa, na je, mlikusudia alaumiwe?