Maltipleksa ya Nne kwa Moja na Swali la Kukopa

Jioni hii nina hoja moja. Maltipleksa yenye maingizo manne, inayofundishwa kwa kawaida kama swichi ya kuchagua data, inatosha kutengeneza shughuli yoyote ile ya mantiki yenye vigeu vitatu, na kazi ya mhandisi hapo ni kuamua ni kigeu kipi kiwekwe upande wa data. Nitaitetea kwa mfano wa kutoa namba za mfumo wa jozi, na hasa kwa swali ambalo kila mtoto wa shule hulijibu anapotoa kwa kupanga tarakimu: je, hapa nalazimika kukopa?

Tuanze na chombo chenyewe. Maltipleksa hii ina maingizo manne ya data, D0 hadi D3, waya mbili za kuchagua, S1 na S0, na tokeo moja, Y. Waya mbili zina hali nne tu, yaani 00, 01, 10 na 11, na kila hali inaruhusu ingizo moja la data lipite hadi kwenye tokeo. Kuisanifu hakuhitaji zaidi ya kuiandika sentensi hiyo kwa alama:

```
Y = S1'S0'D0 + S1'S0 D1 + S1 S0'D2 + S1 S0 D3
```

Alama ya ' ni kinyume. Kila kipande cha jumla hiyo ni geti moja la AND lenye maingizo matatu, vipande vyote vinne vinakutana kwenye geti moja la OR, na mageti mawili ya NOT yanatoa kinyume cha S1 na cha S0. Jumla ni mageti saba. Kwa hali yoyote ya S1 na S0, mageti matatu ya AND yamefungwa kwa sifuri na moja tu limeachwa wazi.

Sasa tulete swali la kukopa. Tunatoa tarakimu B kutoka tarakimu A, na huenda tarakimu ya kulia imeshatukopa. Deni hilo tuliite K. Shughuli F ni 1 pale ambapo A haitoshi kulipa B pamoja na K. Ukiandika jedwali la ukweli unapata mistari minane, na F inakuwa 1 kwenye mistari ya ABK ambayo ni 001, 010, 011 na 111. Mtu anaweza kufikiri kwamba mistari minane inadai maltipleksa ya maingizo manane. Haidai. Shika A na B kwanza, kisha tazama mistari miwili miwili. AB zikiwa 00, F inafuata K yenyewe. Zikiwa 01, F ni 1 bila kujali K, maana sifuri haiwezi kulipa moja. Zikiwa 10, F ni 0. Zikiwa 11, tarakimu zinafutana na F inabaki kuwa K. Basi peleka A kwenye S1 na B kwenye S0, kisha funga D0 = K, D1 = 1, D2 = 0, D3 = K. Saketi imekwisha.

Je, mfano huu ulibahatika? Hapana, na ushahidi uko kwenye hesabu. A na B zikishashikwa, kinachobaki ni shughuli ya kigeu kimoja, na shughuli za kigeu kimoja ni nne tu: 0, 1, K na K'. Maingizo manne, kila moja likiwa na chaguo nne, yanatoa mipangilio 256. Jedwali la mistari minane, kila mstari ukiwa 0 au 1, nalo linaweza kujazwa kwa namna 256. Kila mpangilio unalingana na jedwali moja na kila jedwali lina mpangilio wake, hakuna linalobaki nje. Msingi wake ni upanuzi alioutoa George Boole mwaka 1854, ambao Claude Shannon aliutumia kwenye saketi za swichi mwaka 1938.

Hapa ndipo uamuzi wa mhandisi unapoonekana. Tungeweza kuchagua kwa B na K, tukaiacha A kwenye data. Maingizo yangekuwa 0, A', A', 1, nasi tungelazimika kuongeza geti la NOT. Tukichagua kwa A na K, B inabaki kwenye data bila kinyume, sawa na mpango wetu wa kwanza. Kwa nini basi K? Kwa sababu kwenye namba yenye tarakimu nyingi A na B ziko tayari tangu mwanzo, lakini K inasubiri jibu la hatua iliyo kulia. Ishara inayochelewa ipewe njia fupi, na njia ya data ndani ya maltipleksa ni fupi kuliko ya kuchagua, kwa kuwa haipiti kwenye mageti ya NOT.

Chukueni chipu ya 74LS153, yenye maltipleksa mbili za aina hii zinazotumia waya zilezile za kuchagua. Karatasi ya mtengenezaji inaita mguu wa 14 A na mguu wa 2 B, na kwake A ndiyo tarakimu ndogo, kinyume na jedwali letu. A yetu iende mguu wa 2 na B yetu mguu wa 14. K iende mguu wa 6 na wa 3, mguu wa 5 upate volti 5, mguu wa 4 uende kwenye graundi, na tokeo lisomwe mguu wa 7. Mguu wa 1 ni wa kuruhusu, nao lazima uwe graundi. Ukiachwa hewani, chipu za aina hii kwa kawaida huusoma kama 1, na tokeo linabaki sifuri kwenye mistari yote minane. Ukibadilishana miguu ya 2 na 14, kosa ni la hila zaidi: saketi inahesabu B kutoa A. Mistari 000, 001, 110 na 111 itakuwa sahihi, na minne ya katikati yote itakuwa na makosa. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wajaribu mistari yote minane. Tena wasiridhike na mfano wa kubeba kwenye kujumlisha, ambao maingizo yake ni 0, K, K, 1: D1 na D2 zinafanana, hivyo kosa hilo halionekani kabisa.

Kuna pingamizi mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni kwamba tunapoteza mageti. Ramani ya Karnaugh inatoa F = A'B + A'K + BK, yaani mageti matano badala ya saba. Ni kweli, na anayechora silikoni kwa wingi ana haki ya kuhesabu hivyo. Lakini kwa mtu mwenye chipu mkononi, mageti hayo yanachukua chipu mbili hata akiyageuza yote kuwa NAND, nasi tumetumia nusu ya chipu moja. Zaidi ya hayo, shughuli ikibadilika tunahamisha waya za data tu. Chipu ya XC2064, ambayo kampuni ya Xilinx iliitoa mwaka 1985, ilijengwa juu ya wazo hilohilo: seli za kumbukumbu zinashika jedwali la ukweli, na maltipleksa inachagua seli ya kusomwa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Weka B = 1 na K = 1, kisha ishushe A kutoka 1 hadi 0. Tokeo linapaswa kubaki 1, kwa kuwa D3 na D1 zote ni 1. Lakini geti la D3 linafungwa mara A inaposhuka, ilhali geti la D1 linasubiri A' ipite kwenye NOT. Katikati yake Y inaweza kudondoka kwa nanosekunde chache. Mita haitaonyesha kitu, osiloskopu itaonyesha. Kwenye fomula ya Karnaugh kipande cha BK kinaziba pengo hilo, na maltipleksa haina kipande cha namna hiyo. Nakubali udhaifu huo moja kwa moja: tokeo hili lisiendeshe ingizo la saa la kihesabio wala la rejista. Likienda kwenye ingizo la data la rejista, na saa ikapigwa baada ya ishara zote kutulia, mdondoko huo hauna madhara. Nusu ya pili ya chipu inabaki kwa ajili ya tofauti yenyewe, ikifungwa K, K', K', K, na hapo ndipo geti moja la NOT linapohitajika.