Daftari la Maombi: Jinsi ya Kufuatilia Maombi Mengi bila Kurudia Ujumbe Uleule
Mada kwa semina ya vijana wanaoomba masomo na kazi, Dzaleka, Dowa

1. Utangulizi

Kijana aliyemaliza sekondari hapa kambini haombi mahali pamoja. Anaomba ufadhili wa DAFI unaosimamiwa na UNHCR, anaomba mpango wa wanafunzi wakimbizi wa WUSC kwenda Kanada, anaomba chuo cha mtandaoni, na katikati ya hayo anapeleka barua za kujitolea au kazi katika ofisi za Lilongwe. Kila mlango una masharti yake na mwezi wake. Baada ya wiki chache hakumbuki alimwandikia nani, wala alimwambia nini. Hapo ndipo ujumbe wa "naomba kujua maombi yangu yamefikia wapi" unapotumwa mara tatu kwa mtu mmoja, na mahali pengine hautumwi kabisa.

Hoja yangu ni moja: ujumbe wa kufuatilia una thamani ya kile kipya ulichokibeba. Ukiwa huna jipya, usiandike. Na kitakachokuonyesha kama unalo jipya ni daftari.

2. Safu za daftari

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha, na lina faida kwamba halizimiki umeme ukikatika. Kila ombi lipewe ukurasa wake, si mstari mmoja, kwa sababu mawasiliano huongezeka. Juu ya ukurasa andika jina la ofisi, namba ya ombi uliyopewa, tarehe ya kutuma, tarehe ya mwisho iliyotangazwa, na anwani ya barua pepe uliyotumia.

Kisha andika jina lako kama ulivyoliandika kwenye fomu ile. Hili wengi hulidharau. Wengi wetu tuliotoka Kongo tuna majina matatu, na mpangilio wake kwenye karatasi za usajili wa wakimbizi si lazima ufanane na ule wa cheti cha MSCE. Ukiomba kwa mpangilio mmoja na kufuatilia kwa mwingine, anayepokea hutafuta jina la pili asilione. Dalili yake ni jibu linalosema ombi lako halipatikani, ilhali una ujumbe wa kuthibitisha kwamba lilipokelewa. Kabla ya kutuma ombi upya, jibu kwa kutaja namba ya ombi na jina lilivyo kwenye fomu. Ukituma upya unafungua faili la pili, na baadhi ya mipango humwondoa mwombaji mwenye maombi mawili.

Chini ya hayo chora safu nne: tarehe, njia (barua pepe, simu, WhatsApp au ana kwa ana), nilichosema, na jipya. Safu ya "nilichosema" ijazwe kwa sentensi moja yenye jambo lenyewe. "Nimefuatilia" haikuambii kitu mwezi ujao. "Nimeuliza kama cheti kilifunguka" inakuambia.

3. Kupanga nafasi kati ya ujumbe na ujumbe

Anza kwa kusoma tangazo. Likisema majibu yatatoka tarehe fulani, usiandike kabla ya tarehe hiyo. Ipite kwanza, uongeze siku tano za kazi. Likisema watakaoitwa tu ndio watakaojulishwa, tarehe ikipita funga ukurasa. Kama kuna tovuti inayoonyesha hali ya ombi, angalia huko kwanza. Usimwandikie mtu akusomee unachoweza kujisomea.

Pasipo tarehe yoyote, mimi hushauri siku 10 za kazi kwa ujumbe wa kwanza, 15 nyingine kwa wa pili, kisha ujumbe wa kufunga. Zaidi ya hapo ni usumbufu.

Mwenye simu anaweza kuiachia Google Sheets ihesabu. Tarehe ya kutuma ikiwa D2, na sikukuu zimeorodheshwa kuanzia H1 hadi H10, andika:

```
=WORKDAY(D2,10,$H$1:$H$10)
```

Jumamosi na Jumapili zinarukwa, na sikukuu pia. Kama jedwali limewekwa kwa mpangilio wa Ufaransa, tumia nuktamkato badala ya koma, la sivyo utaona kosa. Sikukuu ziwe za nchi ya anayepokea: ofisi ya Lilongwe hufungwa tarehe 15 Januari na 3 Machi, ya Kanada hufungwa tarehe 1 Julai.

4. Mfano

Chukua mwombaji wa kufikirika aliyetuma ombi la kujitolea katika ofisi moja ya Lilongwe Jumanne, 4 Februari 2025, bila tarehe ya majibu. Siku 10 za kazi zinamfikisha 18 Februari. Siku hiyo anaandika, akijibu kwenye mfululizo uleule wa barua pepe ili maneno ya kichwa na historia vibaki: "Nilituma ombi tarehe 4 lenye viambatisho vitatu. Tafadhali nijulishe kama vyote vimefunguka." Swali ni moja, na mtu anaweza kulijibu kwa neno moja. Daftarini, safu ya "nilichosema", anaandika: nimeuliza kama viambatisho vitatu vimefunguka.

Siku 15 zinazofuata zingeishia 11 Machi, lakini Siku ya Mashujaa tarehe 3 Machi inazisogeza hadi 12 Machi. Kabla ya kuandika anasoma safu ya "nilichosema". Viambatisho vimeshaulizwa, haviulizwi tena. Je, ana jipya? Analo: amemaliza kozi ya kompyuta na cheti kimetoka. Anaandika mistari miwili na kukiambatisha. Kama asingekuwa na jipya, angesogeza tarehe mbele na kuacha.

Kimya kikiendelea, baada ya siku 15 nyingine anafunga: "Nachukulia kwamba nafasi hii imejazwa. Naomba kujua kama mtapokea maombi mengine mwaka huu." Ujumbe huu hauombi jambo lilelile, na mara nyingine ndio unaojibiwa. Kisha anapiga mstari chini ya ukurasa.

5. Yanayoharibu utaratibu

La kwanza ni kunakili barua ya zamani. Jina la ofisi nyingine hubaki katikati ya aya, na msomaji hulikuta. Andika ukiangalia daftari, usiandike ukiangalia barua iliyotangulia.

La pili ni mikono miwili. Mwombaji anaandika, na mwalimu au mjomba aliye ng'ambo naye anaandika kwa nia njema. Ofisi inapata habari mbili zisizolingana. Kubalianeni nani anaandika, na anayesaidia apitie kwenye daftari hilohilo.

La tatu ni kuchanganya njia. Ukituma barua pepe asubuhi na WhatsApp jioni, ni ujumbe mmoja uliorudiwa, hata maneno yakitofautiana. Ukienda ofisini mwenyewe, ziara hiyo nayo iandikwe na ihesabiwe.

6. Mipaka

Utaratibu huu haufai kwa kesi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Huko UNHCR ndiyo inayochagua na kupendekeza. Hakuna fomu ya maombi ya kufuatilia kila wiki mbili, na huduma zake ni za bure. Anayekudai pesa ili "asukume" faili lako, usimwandike daftarini, mripoti.

7. Pendekezo la kazi

Kabla ya kikao cha mchana, kila mshiriki afungue ukurasa kwa kila ombi alilonalo sasa, na ajaze safu ya "nilichosema" kwa kusoma ujumbe aliokwisha kutuma. Ukikuta mistari miwili inayofanana, acha kuandika huko mpaka safu ya "jipya" ipate kitu.