Swichi ya Kupunguza Mwanga na Taa Zinazopepesa

Umeme uingiao majumbani mwetu hupanda na kushuka mfano wa wimbi, na kwa kuwa mizunguko yake ni 50 kwa sekunde, kila nusu wimbi hudumu milisekunde 10. Ndani ya swichi ya kuzungusha ipunguzayo mwanga mna kifaa kidogo kiitwacho triaki, ambacho huuzuia umeme tangu mwanzo wa nusu wimbi, kisha huufungulia njia baada ya muda uliokadiriwa. Kikiuchelewesha milisekunde 5, taa hupata nusu tu ya wimbi lile. Ikisha kufunguka, triaki hubaki wazi maadamu mkondo unatosha kuishikilia, na hapo ndipo ilipo asili ya taabu.

Balbu ya zamani ya wati 60, kwa umeme wa volti 240, hupitisha miliampia 250, nao uzi wake wa moto haupoi upesi. Ama taa ya LED ya wati 7 huvuta sehemu ndogo tu ya mkondo huo, tena kwa vipande, hata triaki hujifunga kabla ya wakati na kufunguka tena bila ya nidhamu, na mwanga ukapepesa.

Kwa kupata yakini, penye taa kadhaa badilini moja kwa balbu ya zamani: kupepesa kukikoma, ila ni uchache wa mkondo. Basi nunueni taa ambayo kasha lake limebainisha kuwa yakubali kupunguzwa mwanga, na swichi ambayo kima chake cha chini cha wati hakizidi jumla ya taa zenu.