Weusi na Picha Zilizoganda: Kukata Ncha za Rekodi kwa Kompyuta

Kanda ya VHS inapohamishwa kuwa faili la kompyuta, rekodi haianzi pale tukio linapoanza. Mtambo wa kunasa huwashwa kwanza, kisha deki, na katikati hupita sekunde kadhaa za weusi. Mwishoni mambo huwa mabaya zaidi: kanda ikifika ukingoni au ishara yake ikikatika, vifaa vingi vya kunasa hushikilia fremu ya mwisho na kuirudia mpaka mtu aje kuvizima. Kwa kanda moja ya harusi, kazi ya kukata ncha hizo ni ya dakika chache. Kwa kabati zima la kanda, kazi hiyo hupewa kompyuta, na hapo ndipo inapobidi kuielezea kompyuta kwa usahihi nini maana ya "nyeusi" na nini maana ya "kuganda".

Programu huria ya ffmpeg ina vichujio viwili vya kazi hii. Cha kwanza, `blackdetect`, huuliza maswali mawili kwa kila fremu. Je, pikseli hii ni nyeusi? Na je, pikseli nyeusi ni nyingi kiasi cha kuiita fremu yote nyeusi? Jibu la swali la kwanza hutegemea mwangaza. Katika video ya kawaida ya biti 8, mwangaza huanzia 16 kwa weusi na kufika 235 kwa weupe, yaani ngazi 219. Kizingiti kisipobadilishwa ni 0.10, hivyo pikseli huhesabiwa kuwa nyeusi ikiwa haizidi 16 kuongeza sehemu ya kumi ya 219, ambayo ni takriban 38. Nafasi hiyo inahitajika, kwa sababu weusi wa kanda si weusi mtupu: una chenga, na chenga huinua mwangaza wa pikseli moja moja juu ya 16. Kwa swali la pili kizingiti ni 0.98: asilimia 98 ya pikseli zikiwa nyeusi, fremu ni nyeusi.

Hapo ndipo kanda za VHS hukwama. Chini kabisa ya picha ya VHS kuna mistari michache iliyovurugika, inayotokea pale vichwa vya deki vinapopokezana kusoma utepe. Kwenye runinga za zamani mistari hiyo ilifichwa na ukingo wa kioo, lakini faili la kompyuta huionyesha yote. Picha ya PAL, mfumo uliotumika Kenya na Tanzania, ina mistari 576. Mistari 12 tu yenye vurugu inazidi asilimia 2 ya picha. Ikiwa na mwanga wa kutosha, fremu ambayo jicho linaiona nyeusi haitafikisha asilimia 98, na kichujio kitanyamaza. Kunyamaza huko ni dalili: faili linaloanza na giza la wazi lakini halitoi hata mstari mmoja wa `black_start` huenda lina tatizo hili.

Wengi hulitatua kwa kushusha kizingiti hadi 0.95. Hilo ni kosa. Katika picha ya pikseli 720 kwa 576, asilimia 5 ni zaidi ya pikseli 20,000. Taa ya chemli inayowaka kwenye uwanja wenye giza, ambako pengine ngoma ya usiku ndiyo kwanza inaanza, haichukui hata nusu ya eneo hilo. Kompyuta itaiita giza na kuikata. Njia iliyo salama ni kinyume chake: kuondoa kwanza mistari 16 ya chini wakati wa kupima tu, bila kugusa picha yenyewe, kisha kupandisha kizingiti hadi 0.995. Sasa eneo angavu la pikseli elfu mbili na ushei linatosha kuiokoa fremu.

Kichujio cha pili, `freezedetect`, hulinganisha kila fremu na ile ambayo huenda kuganda kulianzia kwayo, na kupima wastani wa tofauti kati yake. Kiwango chake cha kawaida ni desibeli -60, yaani sehemu moja ya elfu, ambayo katika ngazi 255 ni kama robo ya ngazi moja. Kiwango hiki ni kikali sana, na kwa kanda za zamani ukali huo ni baraka. Kamera ikiwa juu ya stendi ikitazama jukwaa tupu, hakuna kinachosogea, lakini chenga hubadilika katika kila fremu na kuonyesha kwamba kanda bado inasomwa. Fremu iliyorudiwa na kifaa cha kunasa haina mabadiliko hayo hata kidogo. Ndiyo maana upimaji ufanywe kabla ya kusafisha chenga na kabla ya kubana faili kwa nguvu, kwani kazi zote mbili hufuta alama inayotenganisha picha hai na iliyoganda. Rekodi ya slaidi za somo, ambayo haina chenga tangu mwanzo, haiwezi kukatwa kwa kipimo hiki peke yake.

Picha pekee haitoshi kuamua. Vichujio hivi viwili huendeshwa pamoja na kile cha ukimya:

```
ffmpeg -i kanda.mkv \
 -vf "crop=iw:ih-16:0:0,blackdetect=d=0.5:pic_th=0.995,freezedetect=n=-60dB:d=2" \
 -af "silencedetect=n=-35dB:d=1" -f null -
```

Ukimya umewekwa kwenye desibeli -35 kwa sababu utepe una mvumo wake hata pasipo na sauti. Mvumo ukiwa mkubwa kuliko hapo, kiwango hupandishwa.

Chukuliwe mfano wa faili la sekunde 3130, harusi iliyorekodiwa kwa fremu 25 kila sekunde. Majibu yanasomeka hivi:

```
black_start:0 black_end:6.4
silence_start: 0
silence_end: 4.1
freeze_start: 3011.2
silence_start: 3018.9
```

Picha inafunguka sekunde ya 6.4, lakini sauti inaanza 4.1: ni taarab iliyotangulia picha, na mtengenezaji wa kanda aliipanga hivyo. Kukata kwenye 6.4 kungeichinja. Mwanzo unafuata kile kilichotangulia, kwa hiyo ni 4.1, kisha inaachwa nusu sekunde ya tahadhari: 3.6.

Mwishoni, picha imeganda tangu 3011.2, na hakuna mstari wa `freeze_end`. Hilo si hitilafu. Kichujio huandika mwisho wa kuganda pale tu fremu tofauti inapofika, na hapa haikufika. Programu inayosubiri mstari huo itaacha karibu dakika mbili za picha mfu, hivyo lazima ifundishwe kwamba kuganda kusiko na mwisho hufika mwisho wa faili. Sauti nayo imeendelea hadi 3018.9. Katika VHS sauti ya kawaida ina njia yake ukingoni mwa utepe, na huweza kusomeka hata pale picha iliposhindikana. Mwisho unafuata kilichochelewa, pamoja na nusu sekunde: 3019.4. Rekodi inayobaki ni sekunde 3015.8.

Kuganda au weusi ulio katikati ya rekodi hauguswi. Huandikwa kwenye orodha ya kukaguliwa na mtu, kwani huenda ni mpito kati ya matukio au ni jeraha la utepe.

```
ffmpeg -ss 3.6 -i kanda.mkv -t 3015.8 -c copy safi.mkv
```

Amri hii hunakili bila kusimba upya, kwa hiyo hukata kwa usahihi ikiwa kila fremu inajitegemea, kama ilivyo kwa faili la FFV1 lililonaswa kwa `-g 1`. Katika H.264 fremu nyingi hutegemea zilizotangulia. Kisimbaji cha x264 kikiachwa na mipangilio yake, fremu zinazojitegemea huweza kupishana kwa fremu 250, yaani sekunde 10, na nakala huanza kwenye ile iliyo nyuma ya alama, ikirudi na weusi uliokusudiwa kutolewa. Faili la aina hiyo lisimbwe upya, na faili la kwanza lisifutwe mpaka mtu awe ametazama ncha zote mbili za lile jipya.