Lori na Leseni: Maneno Tuliyosema Kwenye Mkutano wa Wanachama



Tulikwenda Bukoba kuliangalia lile lori la mtumba la kubebea kahawa yetu. Injini ni nzuri, bei tumeipunguza. Lakini fedha ya kutanguliza hatukutoa, na leo tunaeleza sababu.

Dereva wetu ana leseni ya daraja D. Wengi tulisema, "Si lori hilo? D inatosha!" Jamani, haitoshi. B ni ya gari lisilo la biashara. D inaruhusu gari la biashara, ila si gari zito. Gari zito linataka E. Na wale wanaosema dereva wa C anaweza yote, wanakosea: C ni ya kubeba abiria.

Muuzaji alituambia, "Hili ni la tani nane." Hizo tani nane ni mzigo tu. Tukaomba kadi ya gari. Gari tupu ni kilo 5,200, na uzito wa jumla, pamoja na mzigo na watu, mwisho kilo 14,000. Tukapeleka kadi na leseni kwa trafiki. Jibu: hili ni gari zito, D hailiendeshi. Likipata ajali, bima nayo inaweza kukataa kulipa, na deni litakuwa letu sote.

Jambo la pili ni ekseli. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, inayotumika nchini tangu 2019, inaweka mwisho wa kilo 8,000 kwa ekseli ya mbele, na kilo 10,000 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Basi tuhesabu. Magunia 140 ya kilo 60 ni kilo 8,400. Ongeza gari tupu, dereva na utingo: inafika 13,750. Kwenye kadi tumo. Lakini vijana wakirundika nyuma, ekseli ya nyuma inaweza kubeba 10,400 na mbele 3,350. Kwenye mizani ya TANROADS ekseli hiyo itakuwa imezidi kwa kilo 400, ingawa jumla haina kosa.

Dawa yake ni kupanga. Kati ya ekseli mbili za lori hili pana mita 4 na nusu. Tukisogeza magunia 25 mbele kwa mita 1 na nusu, theluthi ya uzito wake, yaani kilo 500, inahamia mbele. Nyuma inabaki 9,900. Usukani nao unakuwa imara. Mbele pakiwa pepesi mno, gari halitii kona.

Kwa hiyo tunaleta njia mbili mkutanoni: tutafute lori dogo ambalo trafiki watakubali kwa D, au dereva apate E kwanza, ndipo tununue. Kila mwanachama aseme lake.



Katibu