Siku 30 za Akaunti Isiyoonekana
Mhadhara wa umma uliotolewa Kampala



Usiku wa tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa Uganda nzima. Siku moja kabla, Rais Museveni alikuwa ametangaza kufungwa kwa mitandao ya kijamii, baada ya Facebook kuondoa akaunti ilizosema zina uhusiano na kituo cha mawasiliano ya serikali na wananchi kilicho chini ya Wizara ya Teknolojia ya Habari. Intaneti ilirudi baada ya siku tano. Facebook haikurudi. Ikabaki imefungwa miaka iliyofuata, na aliyeitaka alilazimika kupita kwa VPN.

Mjadala wa wakati ule ulihusu haki ya kusema na biashara zilizopotea, na ulistahili kufanyika. Mimi nataka kuzungumzia akaunti za watumiaji wa kawaida. Watu wengi hawakurudi tena. Walihamia WhatsApp, X na TikTok, wakaacha nyuma picha za harusi, namba za simu, majina ya shule za watoto na mazungumzo ya miaka kumi. Ukiwauliza leo watakuambia, "Nilishatoka Facebook." Kwa upande wa seva za kampuni, hakuna aliyetoka. Akaunti ambayo mwenyewe ameacha kuifungua iko wazi kama ilivyokuwa siku ya mwisho, na rafiki yake aliyeko Nairobi au Muscat anaiona bila kuhitaji VPN yoyote.

Kutoka kwa kweli kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu zote mbili zimewekwa mahali pamoja. Ukiingia Accounts Center, ukafungua Personal details, kisha Account ownership and control, utakuta Deactivation or deletion. Hapo unachagua moja: kuzima akaunti, au kuifuta.

Ukiizima, ukurasa wako unatoweka machoni pa watu. Jina halipatikani kwa kutafuta, na picha hazifunguki. Lakini hakuna kilichoondolewa. Kampuni inahifadhi kila kitu kikisubiri urudi, hata ukikaa miaka. Ujumbe uliowatumia watu unabaki kwao. Jina lako linaweza kuendelea kuonekana katika orodha ya marafiki ya mtu mliyekuwa marafiki, na Messenger inaweza kuendelea kufanya kazi ukipenda. Kurudi ni rahisi mno, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: ukiingia mara moja tu, akaunti inafufuka yote. Wala si lazima uingie Facebook kwenyewe. Kama uliwahi kujisajili kwenye mchezo au duka la mtandaoni kwa kutumia akaunti yako ya Facebook, kuingia huko kwa njia hiyo kunatosha kuiwasha.

Ukichagua kufuta, saa inaanza kuhesabu. Nitafuata mfano mmoja hatua kwa hatua, kwa sababu tarehe ndizo zinazochanganya watu. Chukulieni mwenye duka la vitenge pale Kikuubo aliyefungua akaunti zamani, na ndani yake akafungua ukurasa wa duka. Tarehe 1 Machi anathibitisha kwamba anataka kuifuta. Dakika hiyohiyo akaunti inatoweka kwa wateja, pamoja na Messenger yake. Kwa nje inafanana sana na akaunti iliyozimwa tu. Ndani ya seva, data zote zipo. Kwa siku 30 anaweza kuingia na kukuta kitufe cha Cancel Deletion. Akikibonyeza, kila kitu kinarudi. Zamani muda huo ulikuwa siku 14, ukaongezwa mwaka 2018, kwa hoja kwamba watu wengi walikuwa wakighairi baada ya muda kupita.

Tarehe 31 Machi mlango unafungwa. Sasa hawezi kurudi, lakini data bado hazijaisha. Kampuni inajipa hadi siku 90 kuondoa alichochapisha, kwa hiyo tukihesabu kuanzia hapo tunafika tarehe 29 Juni. Baada ya hapo inajipa hadi siku nyingine 90 kuondoa nakala za akiba zinazotunzwa kwa ajili ya majanga ya mitambo, yaani hadi mwisho wa Septemba. Hizo ni tarehe za mwisho kabisa, na kazi inaweza kumalizika mapema. Hata hivyo mtu anayesema "nimefuta" mwezi Machi anapaswa kujua kwamba, kwa ahadi ya kampuni yenyewe, chembe za mwisho zinaweza kuwepo hadi miezi saba baadaye.

Kwa nini ichukue muda wote huo? Wanafunzi wangu hudhani ni ujanja wa kibiashara. Siku 30 za mwanzo, ndiyo, zimewekwa kwa hiari, ili kumlinda anayejuta na ili asipotee mteja. Hizo zinazofuata zina sababu ya kiufundi. Akaunti haikai mahali pamoja kama daftari kwenye rafu. Picha moja ina maoni ya watu, maoni yana majibu, picha ina nakala za ukubwa tofauti katika vituo mbalimbali duniani, na kila kimoja kimeunganishwa na vingine. Mfumo unapofuta lazima ujue wapi pa kuendelea na wapi pa kusimama. Maoni niliyoandika chini ya picha yako yafutwe nikifuta akaunti yangu. Picha yako isiguswe. Mwaka 2020 wahandisi wa Facebook walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu mfumo wao wa kufanya kazi hiyo, unaoitwa DELF. Humo wanaeleza kwamba watengenezaji wa programu wanapoachiwa wenyewe kuandika maelekezo ya kufuta, hukosea: data nyingine hubaki zikielea bila mwenyewe, na nyingine zisizopaswa kufutwa hufutwa. Ndiyo maana mfumo huo hukagua maelekezo yao na kuweka kumbukumbu za kurejesha kilichoondolewa kwa makosa. Ningependa kila mwanasheria anayeshughulikia data binafsi aisome makala ile. Inaonyesha kwamba kufuta ni kazi ya uhandisi yenye hatua zake, na hatua yoyote inaweza kuharibika.

Kuna kitu ambacho hakuna siku 90 zitakazokigusa. Ujumbe uliomtumia mtu ni wake pia, na utabaki kwenye sanduku lake hata wewe ukishafutwa. Picha uliyopigwa na rafiki akaiweka kwenye ukurasa wake ni ya akaunti yake. Picha ya skrini iliyosambazwa katika makundi ya WhatsApp haimo katika hesabu ya kampuni yoyote.

Mitandao mingine ina taratibu tofauti, na hapo watu wa Kampala waliohama wajihadhari. Kwenye X, kitufe cha Deactivate kinaanzisha safari ya kufuta: usiporudi ndani ya siku 30, akaunti inakwenda moja kwa moja. Anayezoea Facebook akidhani anapumzika miezi mitatu atarudi akute hana kitu, na huenda jina lake la mtumiaji limechukuliwa na mwingine. TikTok inatoa njia zote mbili, na anayefuta anapewa siku 30. WhatsApp haina kabisa muda wa kujuta. Ukifuta akaunti umetoka kwenye makundi yote papo hapo na huwezi kuirudisha, ingawa kuondoa data zako kwenye seva kunaweza kuchukua hadi siku 90. Na kuiondoa programu kwenye simu, jambo ambalo watu wengi huliita kufuta, hakufuti akaunti ya mtandao wowote kati ya hii.

Sasa nirudi kwenye zile siku 30, kwa sababu kwetu hapa zina hatari yake. Katika kipindi hicho akaunti haionekani na mwenyewe ameacha kuitazama, lakini bado inafufuka kwa yeyote mwenye ufunguo. Ufunguo wa akaunti nyingi za zamani ni namba ya simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kampuni ya simu, ikauzwa kwa mtu mwingine. Huyo mpya akijaribu kujisajili kwa namba yake anaweza kuambiwa ina akaunti tayari, akaomba msimbo wa kubadili nenosiri, na msimbo ukaja kwenye simu yake. Hahitaji kuwa mwizi. Anaweza kuwa kijana aliyenunua laini Wandegeya asubuhi hiyo.

Tatizo la pili, linaloanza hata kabla ya kufuta, ni VPN. Anayeingia baada ya miaka mitatu kupitia seva iliyoko Uholanzi anaonekana kwa mfumo kama mgeni aliyeiba nenosiri. Anazuiwa na kuombwa msimbo, nao unatumwa kwenye ile laini aliyoiacha. Kwa hiyo mtu anayetaka kufuta anashindwa kuingia ili afute, na akaunti inabaki wazi.

Mpangilio ninaoushauri ni huu. Tumia simu au kompyuta uliyokuwa ukiitumia zamani, kama bado unayo, kwa sababu mfumo huenda ukaitambua. Mambo ya kwanza kubadili ni namba na barua pepe, kisha nenosiri, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Ondoa akaunti yako kwenye programu nyingine ulizoziunganisha nayo. Kama una ukurasa wa biashara unaousimamia peke yako, mpe mtu mwingine usimamizi kabla hujaanza, kwani utafutwa pamoja nawe. Pakua nakala ya data zako na uifungue uone kama picha zimo, maana kiungo cha kupakua kinakwisha muda baada ya siku chache. Halafu ndipo ufute, uandike tarehe, na usiiguse akaunti hadi siku ya 31.

Usitegemee rafiki akutafute na kukuambia umepotea. Akitafuta ukurasa wako, akaunti iliyozimwa, inayosubiri kufutwa na iliyokwisha kufutwa zote zinamwonyesha kitu kilekile: hakuna. Ushahidi ulio nao ni tarehe yako na barua pepe za kampuni. Baada ya siku 30, jaribu kuingia. Ukiambiwa hakuna akaunti ya namba hiyo, hatua ya kwanza imekamilika. Ukikuta ukurasa wako uko hai, kuna kitu au mtu aliyeuamsha, na hesabu inaanza upya.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mwananchi haki ya kuomba data zifutwe pale ambapo anayezishika hana tena mamlaka ya kuziweka, na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi inapokea malalamiko. Aliyezima tu akaunti yake ana hoja dhaifu mbele ya ofisi hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe ameiambia kampuni imtunzie. Aliyeomba kufuta, akatunza tarehe, na baada ya muda wote huo kupita akakuta data zake bado zipo, ana kesi.