Swali Lililokwisha Kujijibu: Kuandaa Maswali ya Mjadala Darasani



Jioni ya leo naomba tulichunguze swali moja tu, la aina ambayo mwalimu wa historia huiandika ubaoni akitarajia mjadala: “Je, hukubaliani kwamba Operesheni Vijiji ilishindwa kwa sababu watu walilazimishwa kuhama na kilimo kikaharibika?”

Darasa litaitikia kwa pamoja, “Ndiyooo!” Hapo mwalimu hajui amejibiwa nini. Swali limeanza kwa kukanusha, na kwa Kiswahili “ndiyo” yaweza kuwa “ndiyo, sikubaliani” au “ndiyo, nakubaliana”. Lakini hilo ndilo kosa dogo.

Kosa kubwa ni kwamba hukumu imetangulia. Neno “ilishindwa” limekwisha kutolewa na mtu mwenye chaki, ambaye pia ndiye atakayesahihisha mtihani. Mwanafunzi mwerevu hapimi tena ushahidi, anampima mwalimu. Wengi wetu hudhani tiba ni kuanza na “kwa nini”. Sivyo. “Kwa nini Operesheni Vijiji ilishindwa?” haijibiki kwa ndiyo wala hapana, ila bado imembeba mwanafunzi hadi mwisho wa safari na kumwachia kazi ya kuokota sababu njiani. Swali hili huvuka kwa urahisi kwa sababu linafanana na swali huru.

Kisha kuna mambo yaliyofungwa pamoja. Watu kulazimishwa ni jambo moja, nalo lina ushahidi wake: mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari, na Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, itimizwe kabla ya mwisho wa 1976. Hali ya kilimo ni jambo la pili, na ushahidi wake ni mwingine kabisa. Kweli chakula kilipungua na serikali ikaagiza nafaka kutoka nje katika miaka ya 1974 na 1975. Lakini miaka hiyohiyo kulikuwa na ukame, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tangu mwishoni mwa 1973. Neno “kwa sababu” ni dai la tatu, linalosema la kwanza ndilo lililozaa la pili. Mwanafunzi anayeamini kwamba watu walilazimishwa, lakini anaona ukame ndio uliopunguza mavuno, hana pa kusimama katika swali hili. Akisema ndiyo amejisaliti, akisema hapana ataonekana anakana kwamba watu walihamishwa kwa nguvu. Kwa kawaida hunyamaza, nasi humwandika kuwa mvivu wa kuchangia.

Tulitengeneze basi. Ondoa “hukubaliani”, ondoa “ilishindwa”, chagua jambo moja. Nimefika hapa: “Chukua familia ya wakulima iliyohamishiwa kijijini mwaka 1974. Kati ya mabadiliko yaliyoikuta hadi 1977, lipi lilikuwa na uzito zaidi katika maisha yake? Tetea jibu lako kwa ushahidi.”

Mmoja atasema ni shamba kuwa mbali na nyumba, ngedere na nguruwe wakila mahindi kabla mwenyewe hajafika. Mwingine atasema ni shule iliyosogea karibu, kwa kuwa mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilianza. Wa tatu atasema ni kuiacha ardhi yenye makaburi ya wazee. Sasa wana la kubishania, na kila mmoja lazima afungue daftari. Swali hili nalo lina dhana ndani yake, kwamba mabadiliko yalitokea. Dhana hiyo naiacha kwa sababu ni tukio lililothibitika. Ninayoikataa ni dhana ambayo ni hukumu, maana hukumu ndiyo kazi tuliyowaitia darasani.

Sisemi swali la ndiyo au hapana lifukuzwe. Lina kazi nzuri ya kupiga kura mwanzoni: “Je, serikali ilikuwa na haki ya kutoa amri ile?” Mikono iinuliwe, ihesabiwe, kisha kila upande uulizwe ni ushahidi gani ungeubadilisha msimamo wake. Likiachwa peke yake, mjadala huishia kwenye hesabu ya mikono.

Walimu wenzangu, nawaombeni jambo moja. Kabla hamjapeleka karatasi ya semina kuchapwa, andikeni chini ya kila swali majibu mawili yanayopingana, ambayo mwanafunzi aliyesoma vizuri angeweza kuyatetea. Likipatikana moja tu, hilo ni swali la jaribio. Liwekeni huko, mtafute lingine la mjadala.